Nukta Ndani ya Mpaka

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho na mdomoni mwa mama yake. Kazini wote walimwita Bi Nukta, na jina lilimkaa kama ameshonewa, maana kazi yake ilikuwa kupima nukta. Kwa miaka kumi na tisa hakufanya kazi nyingine.

Chumba cha picha kilikuwa ghorofa ya pili, nyuma ya ngazi. Kilikuwa na mapazia mazito yasiyofunguliwa hata mchana, meza sita, skrini sita, na feni moja iliyolalamika kila ilipogeuka kushoto. Picha zilitoka kwenye chombo kilichokuwa kikizunguka sayari kubwa yenye pete. Umbali wenyewe ulikuwa hivi: ujumbe ukiondoka kule kwa kasi ya mwanga, ulichukua saa moja na dakika kumi na nane kufika. Katika kila picha kulikuwa na nyota, na katikati ya nyota kulikuwa na miezi midogo ya sayari ile, mingine imefifia kama punje ya chumvi kwenye kitambaa cheusi. Ile iliyong'aa, kompyuta iliipima yenyewe. Ile ambayo kompyuta iliitilia shaka ililetwa kwa Bi Nukta. Aliipeleka alama ya msalaba katikati ya nukta, akabonyeza, akaandika namba mbili na wakati wa picha. Karatasi ikienda ghorofa ya chini kwa watu wa njia, wale ndio waliojua mwezi uko wapi na chombo kipite wapi.

Hakusomea mambo ya anga. Alianzia ofisi ya ramani, akipima mito na mipaka ya mashamba kwenye picha zilizopigwa kutoka ndege. Kitengo kilipofungwa, Mkuu wa chumba cha picha, ambaye siku hizo alikuwa bado na nywele, alimwita kwenye usaili akampa picha moja na kumwambia ahesabu nyota. Waliomtangulia walihesabu thelathini na mbili. Yeye alikaa kimya muda mrefu mpaka Mkuu akaanza kuangalia saa, kisha akasema, "Thelathini na saba. Na mbili nyingine sina uhakika nazo."

"Hizo mbili ziko wapi?" Mkuu akauliza.

Akamwonyesha. Kesho yake akaanza kazi.

Basi mtu wa namna hiyo, anayeishi kwa macho yake, ndiye aliyeanza kuona madoa. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu. Ilianza asubuhi moja akipiga mswaki: kwenye ukuta mweupe wa bafu kulielea vidoa vyeusi vitatu na kitu kama uzi. Alipogeuza macho navyo viligeuka. Alipotulia vilishuka taratibu, kama majani ya chai ndani ya kikombe. Akajiambia ni uchovu. Wiki ya pili akajiambia ni vumbi. Hapo akashtuka, kwa sababu neno hilo hakuwa amelibuni yeye.

Baba yake alikuwa mpiga chapa. Naye alipokuwa na umri huo huo aliona madoa, akasema ni vumbi la wino. Aliendelea kusema hivyo mpaka siku aliyosema kuna pazia jeusi limeshuka upande mmoja wa jicho. Alipofikishwa hospitali jicho la kulia lilikuwa limekwisha, na la kushoto halikukawia kulifuata. Bi Nukta, binti yake mkubwa, ndiye aliyekuwa akimsomea magazeti miaka kumi na moja, hadi matangazo ya vifo. Kwa hiyo alijua vizuri jambo hili linakoelekea, au alidhani anajua, na kama baba yake, akalifungia moyoni. Hakumwambia mumewe wala daktari, na kazini ndiyo kabisa hakutaka lisikike. Miezi miwili akapiga kazi huku roho iko juu juu.

Ndivyo alivyokuwa Jumanne ile zilipoletwa picha za pengo.

Pengo lenyewe ni hili. Kati ya pete mbili za sayari kuna njia tupu, pana kilomita elfu kadhaa, na chombo kilikuwa kimepangiwa kupita hapo baada ya siku kumi na mbili, kutoka upande wa juu wa pete kwenda upande wa chini. Kilikuwa kikienda kasi sana hivi kwamba punje ya mchanga ingetosha kukitoboa. Njia ilikuwa imekwisha kupitishwa kwenye kikao, sahihi zikawekwa. Lililobaki lilikuwa jambo la desturi tu: mtu aangalie picha za mwisho, aandike "hakuna kitu", atie sahihi yake.

Bi Nukta akaziangalia. Zilikuwa tatu, zimepigwa kwa kupishana dakika ishirini. Akazipitisha moja baada ya nyingine, haraka haraka, kama mtu anayepekua daftari. Chenga zilikuwa zimejaa kila picha, maana huko angani kuna chembe zisizoonekana zinazogonga kamera na kuacha alama ya mwanga. Lakini chenga haifuati utaratibu. Leo iko hapa, kwenye picha inayofuata haipo. Hii moja ilikuwepo kwenye ya kwanza. Kwenye ya pili ilikuwa imesogea. Kwenye ya tatu ilikuwa imesogea tena, hatua ile ile, kwa mkunjo ule ule wa pete.

Akafumba macho, akafumbua. Bado ipo. Akamwita kijana wa meza ya pili.

"Hebu angalia hapa. Unaona nini?"

Kijana akainama, akakodoa. "Chenga, Bi Nukta."

"Na hapa?"

"Chenga nyingine."

"Huoni kuwa ni ile ile?"

Kijana akamtazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama shangazi aliyeanza kusahau majina. "Labda upumzike kidogo," akasema.

Neno hilo lilimchoma kuliko kijana alivyokusudia. Hata hivyo Bi Nukta aliandika namba zake, akapanda ghorofa ya tatu kwa Mkuu.

Mkuu alikuwa mtu mwema, hilo lieleweke. Ni mtu wa kuuliza habari za watoto na kukumbuka majibu. Ila maisha yake yote ya usomi alikuwa ameyamaliza kwenye jambo moja, nalo ni jinsi mwezi unavyopasuliwa na sayari yake. Ukimgusa hapo hakuwa na breki. Alisoma karatasi, akaiweka mezani polepole.

"Dada, hapa hapawezekani kuwa na mwezi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hapa ni ndani ya mpaka." Akavuta kalamu akachora duara kubwa, na pembeni duara dogo. "Sayari inauvuta mwezi, sawa? Lakini upande wa mwezi ulio karibu unavutwa zaidi, na upande wa nyuma unavutwa kidogo. Ni nguvu ile ile inayofanya maji ya bahari yajae na kupwa. Mwezi ukiwa mbali, tofauti hiyo ni ndogo, unajishikilia kwa uvutano wake wenyewe. Ukisogea karibu, tofauti inakua, inakua, mpaka inazidi ile nguvu ya mwezi kujishikilia. Hapo unaachia. Vipande vya upande wa ndani vinakimbia mbele, kwa sababu huko njia ni fupi na mwendo ni mkali. Vya upande wa nje vinabaki nyuma. Vinagongana, vinasambaa, vinaizunguka sayari yote. Kesho huna mwezi, una pete."

"Na mpaka wenyewe uko wapi?"

"Inategemea mwezi ni mzito kiasi gani kwa ujazo wake. Ukilingana na sayari, ni karibu mara mbili na nusu ya nusu-kipenyo cha sayari, ukipima kutoka katikati. Wa barafu kama hii ya kwetu, mara mbili na kidogo. Pengo letu liko mara moja nukta sita. Ndani kabisa. Humo vipande haviwezi hata kukusanyika upya, maana kila vikikaribiana vinatenganishwa. Ndiyo maana pete zipo mpaka leo. Na ndiyo maana niliandika kwenye ripoti ya usalama kwamba pengo ni tupu." Akamrudishia karatasi. "Umeona chenga tatu zilizojipanga. Hutokea. Macho hupenda kuunganisha vitu."

Angetaja jambo lolote jingine, Bi Nukta angebishana. Lakini alitaja macho. Akashuka ngazi, akafuta namba zake, akaandika "hakuna kitu", akatia sahihi. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa kutia sahihi kwenye kitu alichokiona kwa namna nyingine.

Jioni hakula. Mumewe, fundi seremala, mtu asiye na maneno mengi, alimtazama akizungusha kijiko kwenye sahani mpaka chakula kikapoa.

"Kuna nini?"

"Hakuna."

"Sahani imekuambia nini basi, maana mnaangaliana muda mrefu."

Akacheka bila kutaka, na kicheko kile ndicho kilichofungua bomba. Akalia. Akaeleza yote: madoa, uzi, baba yake, kijana wa meza ya pili, sahihi. Mumewe alisikiliza mpaka mwisho. Hakumlaumu kwa kuficha, ingawa alikuwa na haki hiyo. Alinyanyuka tu, akachukua shati lake la kutokea, akaliangika kwenye kiti.

"Kesho asubuhi tunakwenda kwa daktari wa macho. Wote wawili. Usiende kazini kwanza."

Walifika kliniki kabla milango haijafunguliwa. Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya kuimba. Alimtia Bi Nukta matone ya kupanua mboni, akamwacha kwenye benchi nusu saa, kisha akamwingiza chumba cha giza na kumulika kila pembe ya jicho, akimwambia angalia juu, angalia chini, angalia sikio langu. Bi Nukta alishika ukingo wa kiti kwa nguvu hata vidole vikafa ganzi. Akilini alikuwa ameshaandika barua ya kuacha kazi.

"Macho yako mazima," daktari akasema.

"Samahani?"

"Mazima. Ndani ya jicho kuna kitu kama jeli. Umri ukienda inapungua ugumu, vinyuzi vinajikusanya, kivuli chake ndicho unachokiona. Karibu kila mtu hupata. Nyuma ya jicho, mahali pa hatari, hapana tundu wala mpasuko. Ila kwa sababu ya historia ya mzee wako, uje kila mwaka. Na ukiona mwanga unametameta au kama pazia linashuka, usingoje hata saa moja, uje siku hiyo hiyo. Nimekuandikia miwani mipya ya kusomea. Hiyo yako imechoka kuliko wewe."

Bi Nukta alitoka akiwa ameshika mkono wa mumewe, kwa sababu matone yalikuwa yameifanya dunia yote kuwa ukungu mweupe. Walikaa kwenye ngazi za kliniki. Alivuta pumzi, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi miwili pumzi ilifika chini. Mumewe alimnunulia miwani myeusi ya bei nafuu kwa muuzaji wa pembeni. Miwani ilikuwa mikubwa, imemfunika mpaka mashavuni.

"Unafanana na mlinzi wa waziri," akamwambia.

Walikaa pale kidogo wakicheka vitu visivyochekesha. Halafu Bi Nukta akaacha kucheka. Mawazo yalikuwa yamerudi kwenye pengo, na sasa hayakuwa na kitu cha kuyazuia. Kama macho ni mazima, basi ile nukta haikuwa ndani ya jicho lake. Ilikuwa kule. Lakini Mkuu alisema kule haiwezekani, na Mkuu hakuwa mjinga. Akaigeuza ile habari ya mpaka huku na huku. Kitu kikiingia ndani ya mpaka kinachanwa. Sawa. Na chombo je?

"Twende kazini," akasema.

"Huoni hata ngazi."

"Wewe unaziona."

Ndivyo alivyoingia ofisini kwa Mkuu saa tano asubuhi, ameshikwa mkono na seremala, miwani myeusi usoni. Mkuu alisimama kwa hofu akidhani kuna msiba.

"Mkuu, nina swali moja," Bi Nukta akasema kabla hajaketi. "Chombo chetu kinapita ndani ya mpaka, au siyo?"

"Kinapita."

"Na kimeshapita karibu hivyo mara ngapi?"

"Mara nne mwaka huu."

"Mbona hakikuchanika?"

Mkuu akafungua mdomo kujibu, kwa sababu jibu alikuwa nalo, hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza analo. "Chombo kimefungwa kwa boliti, dada. Hakijishikilii kwa uvutano wake. Mpaka ni kwa ajili ya vitu ambavyo..." Akasita. Akakaa chini.

"Ambavyo nini?" Bi Nukta akauliza.

"Ambavyo havina kingine cha kuvishika ila uvutano wake wenyewe," akamalizia taratibu. "Fungu la mchanga. Mwezi mkubwa."

Alivuta karatasi akaanza kuandika, na mume wa Bi Nukta, ambaye hakuelewa chochote ila alielewa mtu anapopiga hesabu ya kweli, akamsogezea kikokotoo kilichokuwa mbali. Baada ya dakika kumi Mkuu aliinua karatasi nyingine tupu kutoka kwenye bunda, akailaza mezani mbele yao.

"Kwa mwanga ulioupima jana, kama kipo, hakizidi mita mia tatu. Kipande kidogo. Nimepiga hesabu ya nguvu inayojaribu kukichana pale. Mnajua ni kiasi gani? Ni kama karatasi hii inavyoikandamiza meza. Karatasi moja, au tuseme mbili. Theluji tu ina nguvu ya kujishika zaidi ya hapo." Akapitisha kiganja kichwani. "Ukubwa ukizidi mara elfu, nguvu ya kuchana inazidi mara milioni. Kwa mwezi wa kilomita mia tatu, nirundike karatasi milioni, na hapo barafu inapasuka. Mimi miaka yote nimefundisha miezi mikubwa. Nimesema 'mpaka, mpaka' mpaka nikaufanya ukuta. Kipande kama hiki hakikuhitaji kukusanyika humo. Kinaweza kuwa kigae cha mwezi wa zamani uliopasuka ukawa pete hizi. Kilibaki."

"Kwa hiyo kinaweza kuwepo."

"Kinaweza. Sasa tuone kama kipo. Tuletee picha."

"Mimi leo sioni hata herufi," akasema Bi Nukta. "Angalia wewe. Mimi nitakuambia pa kuangalia."

Wakashuka chumba cha picha. Mkuu aliketi kwenye kiti cha Bi Nukta, mahali ambapo hakuwa amekaa miaka mingi, na Bi Nukta akasimama nyuma yake, akimtajia namba kutoka kichwani, maana alizifuta kwenye karatasi lakini hakuwahi kuzisahau. Mlalo, wima. Mkuu akasogeza msalaba.

"Naona chenga," akasema.

"Usiikazie macho. Pitisha zote tatu, haraka. Tena. Usiangalie nukta, angalia mwendo."

Mkuu akapitisha. Akapitisha tena. Mara ya tano mkono ukasimama.

"Inatembea," akasema kwa sauti ndogo.

Lakini alikuwa mtu wa kazi, hakuridhika na hapo. Kitu chochote kinachozunguka kwa umbali ule, akasema, kinamaliza mzunguko mmoja kwa muda wa saa nane na nusu, hakina hiari. Kwa hiyo baada ya mizunguko mitatu, yaani siku moja na saa moja na nusu, kinapaswa kuwa kimerudi palepale. Je, kulikuwa na picha yoyote ya muda ule? Kijana wa meza ya pili, ambaye sasa alikuwa amesimama nyuma yao bila kuitwa, akakimbilia kwenye orodha. Ilikuwepo moja, iliyopigwa kwa ajili ya mawingu ya sayari, pengo likaingia kwenye kona kwa bahati. Ilikuwa imechelewa dakika kumi. Mkuu akakokotoa kitu kingekuwa kimesogea kiasi gani kwa dakika hizo kumi, akaandika namba mbili, akampa kijana karatasi bila kugusa skrini.

"Nenda hapo. Niambie kuna nini."

Kijana akasogeza msalaba. Akainama karibu na skrini.

"Ipo," akasema. Kisha akageuka. "Nisamehe, Bi Nukta."

Bi Nukta hakusikia vizuri msamaha, maana alikuwa akipapasa kiti cha jirani apate kukaa. Hakuwa na shangwe. Alikuwa anajisikia kama mtu aliyetua ndoo kichwani baada ya mwendo mrefu, shingo haiamini.

Mchana huo huo kikao kikaitishwa upya. Mkuu alisimama mbele ya watu ishirini akasema ripoti yake ilikuwa na kosa, akaeleza ni kosa gani, hakuzunguka. Hofu yenyewe haikuwa kile kipande. Kwa jinsi anga lilivyo pana, uwezekano wa kukigonga chenyewe ulikuwa mdogo mno. Hofu ilikuwa mabaki. Kipande kikiwa humo, vijiwe vinakigonga, vumbi linaruka, na vumbi linaenea kwenye njia yake yote, duara zima. Njia hiyo ilikuwa imekatiza sehemu ileile ambayo chombo kilipangiwa kupita. Mama mmoja wa watu wa njia, aliyeitwa Rubani ingawa hakuwahi kupanda ndege, akauliza swali moja tu: "Tukisogea ndani kilomita mia saba, panatosha?" Wakapiga hesabu mpaka jioni. Panatosha. Injini ya chombo ingewashwa kwa sekunde kumi na moja, basi.

Siku ya kupita ilikuwa Jumapili, saa nne asubuhi. Hakuna aliyelazimishwa kuja, na hakuna aliyebaki nyumbani. Ili kujikinga, chombo kiligeuza antena yake kubwa mbele kama ngao, na antena ikiwa mbele haiwezi kuzungumza na nyumbani. Kwa hiyo skrini ikawa na mstari mmoja ulionyooka, ambao ungeinuka tu chombo kikianza tena kuzungumza. Watu walijua kwamba wakati wanaitazama, kule jambo limeshatokea, zuri au baya, zaidi ya saa moja iliyopita. Rubani alitafuna kofia ya kalamu. Mkuu alisimama ukutani, mikono nyuma. Bi Nukta, na miwani yake mipya, aliuangalia mstari ule kama anavyoangalia kila kitu, bila kupepesa.

Dakika iliyopangwa ikafika, ikapita. Nusu dakika zaidi. Kisha mstari ukainuka katikati, kilima chembamba, kikashuka, kikainuka tena na kubaki juu.

"Huyo," akasema Rubani.

Chumba kizima kikashusha pumzi kwa pamoja. Watu walikumbatiana, wengine wakakaa sakafuni. Mkuu alikwenda moja kwa moja kwa Bi Nukta.

"Asante kwa kurudi," akasema.

"Nilikuwa sioni," Bi Nukta akamjibu. "Ningekuwa naona, labda ningeogopa uso wako."

Mkuu akacheka mpaka akatoa leso.

Wiki mbili baadaye chombo kilikuwa upande wa pili, jua likiwa nyuma ya sayari, na kwa mwanga wa namna hiyo vumbi jembamba huonekana. Picha ikaja. Ndani ya pengo, pale palipodhaniwa kuwa patupu, ulilala uzi hafifu wa vumbi, mwembamba kama unywele, ukiizunguka sayari. Ulipita sawasawa juu ya alama ya ile njia ya kwanza. Rubani aliitazama, akaweka kiganja kifuani, akarudi kwenye meza yake.

Bi Nukta alifanya kazi miaka saba mingine, na kila mwaka alikwenda kwa yule daktari mwenye sauti ya kuimba. Madoa yake yaliendelea kuelea, naye akayazoea. Kipande kile kilipewa namba kwenye orodha, na kazi ya kukifuatilia ikawa yake. Alikipima mara mia moja na kumi na nne, na hakikupotea hata mara moja. Lakini tukirudi kwenye Jumapili ile: aliondoka mapema, kabla ya keki na hotuba. Nyumbani mumewe alikuwa anapiga randa ubao uani. Alipoambiwa kimepita salama alisema "Vizuri," akaendelea na randa, kisha akaiweka chini, akaingia ndani kumwangalia. Mkewe alikuwa amelala kwenye kochi, viatu bado miguuni, mdomo wazi kidogo, jua la saa nane likimpiga usoni bila kumsumbua. Alimvua viatu, akavuta pazia, akatoka kwa kunyata.